Namba mbaya haihitaji uongo ili ifichike, inatosha kubadilisha kipimo

Tangu Septemba 2025, Rais Donald Trump aliporudia wazo alilolitoa mara ya kwanza 2018 kwamba makampuni yaliyoko kwenye masoko ya hisa ya Marekani yaache kutoa ripoti kila baada ya miezi mitatu na yatoe kila baada ya miezi sita, watu wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema sawa, ripoti za robo mwaka zinawafanya mameneja waangalie pua zao tu badala ya kuangalia mbele. Kambi nyingine inasema hapana, mkipunguza ripoti mnawapa watu nafasi ya kuficha mabaya. Mi naona kambi zote mbili zimeshika swali ambalo sio lenyewe. Mara ngapi kampuni inaripoti ni jambo dogo kuliko inaripoti nini, na je, inaripoti kitu kilekile ilichoripoti mara iliyopita. Kampuni inaweza kuandika kila mwezi na mwekezaji asijue kitu, na inaweza kuandika mara mbili kwa mwaka akajua kila anachohitaji. Namba mbaya mara nyingi hazifichwi kwa kudanganya, zinafichwa kwa kubadilisha kipimo, na hilo halizuiwi na kalenda.

Kwanza tuweke historia sawa maana wengi wanaongea kama ripoti za robo ni sheria ya tangu enzi na enzi. Tume ya masoko ya hisa ya Marekani, SEC, ilianza kudai ripoti za robo, ile Fomu 10-Q, mwaka 1970 tu, kabla ya hapo kuanzia 1955 ilikuwa nusu mwaka. Uingereza ililazimisha ripoti za robo kwa miaka michache halafu ikaondoa sharti hilo 2014, na Umoja wa Ulaya nao ukaondoa kipindi hichohicho. Sasa kama kweli robo ndiyo ugonjwa, makampuni ya Uingereza yangetakiwa yaanze kuwekeza zaidi kwenye mambo ya muda mrefu baada ya kufunguliwa ile kamba, lakini utafiti uliochapishwa 2017 na taasisi ya CFA, chama cha wataalamu wa uwekezaji, haukuona mabadiliko ya maana kwenye uwekezaji, si sharti lilipowekwa wala lilipoondolewa, na makampuni mengi yaliendelea tu kutoa taarifa za robo kwa hiari yao. Kwa hiyo wanaotegemea kalenda ilete uvumilivu watasubiri sana. Ila na wanaotegemea kalenda ilete ukweli nao wana tatizo lao, na hapo ndo nataka tukae.

Chukua WeWork, kampuni ya kupangisha nafasi za ofisi. Kwa mwaka 2017 ilipata hasara ya takriban dola milioni 933. Mwaka 2018 ilipokuwa inakopa kwa hati fungani ikawaonyesha wakopeshaji kipimo chake yenyewe cha faida, ambacho kilikuwa kimeondoa sio riba, kodi na uchakavu tu kama ilivyozoeleka, bali pia gharama kama masoko, utawala na za kufungua majengo mapya. Kwa kipimo hicho ikatoka na faida ya takriban dola milioni 233. Hakuna namba ya uongo hapo, hasara halisi ilikuwepo kwenye makaratasi hayohayo na maelezo ya nini kimeondolewa yalikuwepo pia. Lakini unapompa msomaji kipimo ambacho kampuni nyingine yoyote haikitumii, umemnyima kitu cha kulinganisha. Ndiyo maana tangu 2003 SEC inataka kampuni ikitumia kipimo cha kujitungia ionyeshe na kile cha kawaida cha kihasibu kilicho karibu nacho na ieleze tofauti imetokana na nini, na kwenye taarifa rasmi za matokeo kile cha kawaida kipewe nafasi sawa au kubwa zaidi, kisisukumwe chini kwa herufi ndogo. Hilo ni sharti zuri sana na ona kwamba halisemi chochote kuhusu mara ngapi.

Mfano wa upande wa pili ni barua ya Netflix kwa wenye hisa ya Aprili 2022, na nadhani kila anayeandika taarifa ya robo angeisoma taratibu. Kampuni ilikuwa imetabiri itaongeza wateja wanaolipia milioni 2.5 kwenye robo ya kwanza. Badala yake ikapoteza 200,000. Barua haikuzunguka, ilianza moja kwa moja kwa kusema ukuaji wa mapato umepungua sana. Halafu angalia mpangilio: namba halisi kwanza, pungufu ya 200,000, ikiwa pembeni ya utabiri wao wenyewe, ndipo ikaja maelezo kwamba kuondoka Urusi kumewagharimu wateja 700,000 na bila hilo wangeongeza 500,000. Wangeweza kuanza na ile 500,000. Ingekuwa kweli kabisa na watu wengi wangeondoka nayo kichwani. Lakini wakianza nayo ingekuwa vigumu kwa msomaji kuona kwamba hata bila Urusi bado walikosa utabiri kwa milioni 2, na hiyo ndiyo habari yenyewe, maana Urusi ni tukio la mara moja lakini kukosa milioni 2 ni dalili ya kitu kinachoendelea.

Na wakataja kitu chenyewe. Walisema kuna nyumba zaidi ya milioni 100 zinazotazama kwa kutumia akaunti ya mtu mwingine, juu ya zile takriban milioni 222 zinazolipa, na kwamba ongezeko kubwa la kipindi cha Kovidi lilikuwa limeficha picha hiyo. Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana kwa sababu inarudi nyuma na kumwambia mwekezaji kwamba namba nzuri za robo zilizopita hazikuwa na maana aliyodhani. Wachache sana wanafanya hivyo. Wengi wakieleza ubaya wa sasa wanauacha uzuri wa zamani ukae palepale, kana kwamba kampuni ilikuwa nzima kabisa mpaka Januari halafu ikaugua ghafla Februari. Kisha wakatoa utabiri mbaya zaidi, kwamba robo inayofuata watapoteza milioni 2. Kesho yake hisa zikaanguka takriban asilimia 35 kwa siku moja.

Hapo ndo watu wanasema unaona sasa, ukweli umewaponza. Mi nasema tuendelee kusoma. Robo iliyofuata walipoteza kama 970,000, yaani chini ya nusu ya walichotabiri. Hatua walizotaja zilikuwa kitu unachoweza kukifuatilia: kuanza kutoza wanaotumia akaunti za wenzao, na, kwenye mahojiano ya matokeo ya siku hiyohiyo, wazo la kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo. Kifurushi kikatoka Novemba 2022, tozo ya akaunti ikafika Marekani Mei 2023, na mwisho wa 2024 walikuwa na wateja zaidi ya milioni 300. Sisemi barua nzuri ndiyo iliyoleta wateja, barua haiuzi kitu. Ninachosema ni kwamba aliyesoma ile barua ya Aprili 2022 alikuwa na kila kitu cha kupima kama uongozi unafanya ulichoahidi, alijua tatizo lina ukubwa gani, chanzo ni nini, na atazame wapi miezi ijayo. Aliyeuza aliuza akijua, na aliyebaki alibaki akijua.

Cha kufikirisha ni kwamba kampuni hiyohiyo kuanzia robo ya kwanza ya 2025 iliacha kutoa idadi ya wateja kila robo. Je, nayo imeficha? Naona hapana, au tuseme sio kwa namna ninayoilalamikia, kwa sababu walitangaza Aprili 2024, karibu mwaka mzima kabla, tena kwenye robo ambayo waliongeza wateja milioni 9.3, na wakasema mapato na kiwango cha faida ndivyo vitakavyobaki kuwa vipimo. Kipimo kikiachwa kikiwa kinapanda na kwa taarifa ya mapema unaweza kubishana na uamuzi, mimi binafsi ningependa waendelee nacho, lakini huwezi kusema wamekimbia. Kipimo kikiachwa kwenye robo ileile kilipoanza kushuka, bila neno, hiyo ni taarifa yenyewe na mwekezaji aichukulie kama amesoma namba mbaya.

Sasa haya yote ni makampuni makubwa yenye sheria juu ya vichwa vyao. Pengo kubwa zaidi liko kwa kampuni changa ambazo haziko sokoni, ambazo barua ya robo kwa wawekezaji wake mara nyingi ni imeili tu iliyoandikwa usiku na mwanzilishi, mkataba ukidai kidogo sana na hakuna tume inayoisoma. Huko ndiko mtu anaweza kuficha bila hata kujua anaficha. Nichukue mfano wa kutunga, kampuni inayouza programu ya kulipia kila mwezi. Ilianza robo na wateja 400. Ikapata wapya 90, ikapoteza 70, ikamaliza na 420. Wapya wote wamekuja kwa ofa na wanalipa dola 100 kwa mwezi. Kati ya 70 walioondoka, 45 nao walikuwa wa ofa ya robo iliyopita wakilipa hiyo 100, lakini 25 walikuwa wateja wa zamani wanaolipa 300. Piga hesabu: yameingia mapato mapya ya 9,000 kwa mwezi, yametoka 4,500 na 7,500, jumla 12,000. Kampuni imeongeza wateja 20 na imepunguza mapato ya kila mwezi kwa dola 3,000.

Kutoka kwenye robo hiyo moja unaweza kuandika sentensi tatu za kweli. Tumepata wateja wapya 90, rekodi yetu. Wateja wetu wameongezeka kufika 420. Mapato yetu ya kila mwezi yameshuka. Zote tatu ni sahihi na mkaguzi hawezi kukukamata popote, lakini ya tatu ndiyo inayosema kilichotokea, na ukiiacha wala haujisikii mwongo kwa sababu umeandika ukweli mtupu. Ndiyo maana nasema dawa sio kuwa mwaminifu zaidi moyoni, dawa ni jedwali. Jedwali moja lenye mistari michache isiyobadilika, mapato, walioingia, walioondoka, keshi iliyopo benki, keshi inayotoka kila mwezi, na safu tatu: tulichotabiri, kilichotokea, na robo iliyopita. Linakaa juu kabisa kabla ya maneno yoyote. Likishakuwepo mara mbili, mara ya tatu huwezi kuondoa mstari bila mtu kuuliza, hata kama usiku huo unaandika umechoka na umekata tamaa.

Chini ya jedwali ndo maelezo, na maelezo mazuri ya robo kama hiyo yangekuwa mafupi tu: "Tulitabiri kupata wateja 60 na kupoteza 20. Tumepata 90 na kupoteza 70. Wateja 45 walikuja kwa ofa ya robo iliyopita na hawakudumu, kwa hiyo 90 wa sasa nao tuwahesabu kwa tahadhari mpaka tuone miezi mitatu. Wengine 25 ni wa zamani, tumewapigia, 18 wametaja siku mbili ambazo mfumo ulilala mwezi wa pili. Ofa tumeisimamisha. Wahandisi wawili wamehamishwa kwenye uimara wa mfumo mpaka mwisho wa robo. Wateja wa zamani wakiendelea kuondoka zaidi ya watano kwa mwezi, tutakata bajeti ya matangazo nusu na tutawaandikia siku hiyohiyo bila kusubiri robo." Angalia hiyo sentensi ya mwisho. Hatua zinazofuata kwenye barua nyingi ni "tutaongeza juhudi" na "tutaboresha huduma", ambayo huwezi kuja kusema haikufanyika. Hatua yenye namba inayoifyatua na tarehe inampa mwekezaji kitu cha kudai, na inampa mwanzilishi mwenyewe uamuzi aliokwisha kuufanya akiwa na akili iliyotulia.

Kuna hoja dhidi ya haya yote na zingine ni nzito. Nzito kuliko zote ni kwamba namba mbaya zinatembea. Barua ya wawekezaji ishirini ni barua ya watu hamsini, ikifika kwa mshindani au kwa mfanyakazi unayemtegemea inaweza kuleta kuanguka ambako ilikuwa inaonya tu, mkopeshaji anabana, mteja mkubwa anaahirisha kusaini. Hilo linatokea na sina jibu linaloondoa hatari yote. Ila naona linahusu nani anapata na jina gani linatajwa, sio namba ipi inaandikwa. Unaweza kuacha jina la mteja anayesita, bei mnayojadiliana, mgogoro wa mtu na mtu ndani ya ofisi. Unaweza kuwatumia wenye hisa nyingi toleo kamili na wengine jedwali na maelezo tu, mradi jedwali liwe moja kwa wote. Ukianza kuwa na namba mbili za keshi kwa makundi mawili ya wawekezaji, hapo umetoka kwenye busara umeingia kwenye matatizo ya kisheria.

Hoja ya pili ni kelele za msimu, kwamba miezi mitatu ni michache na biashara nyingine zina robo mbovu kila mwaka kwa asili yake. Ni kweli, na ndiyo hoja bora ya wanaotaka nusu mwaka. Jibu lake ni safu moja zaidi kwenye lile jedwali, robo kama hii mwaka jana, basi.

Iliyo dhaifu kabisa ndiyo inayosikika sana, ile ya "tusubiri robo ijayo tukishatengeneza ndo tuwaambie". Inaonekana kama uvumilivu lakini haijapiga hesabu ya keshi. Rudi kwa kampuni yetu, tuseme ina dola 900,000 benki na ilipanga kutumia 100,000 kwa mwezi zaidi ya inachoingiza, maana yake ina miezi tisa. Mapato yameshuka, ofa imegharimu, na sasa zinatoka 130,000. Hapo imebaki na karibu miezi saba. Ikisubiri robo nyingine zimetoka 390,000, benki kuna 510,000, na miezi iliyobaki haifiki minne. Kutafuta mtaji mpya, kuanzia mazungumzo ya kwanza mpaka hela kuingia, mara nyingi kunachukua miezi kadhaa na sita sio ya kushangaza. Aliyeambiwa ikiwa imebaki saba anaweza kuongeza hela, kukutafutia mwingine, kukusaidia kupunguza gharama kwa mpangilio au kutafuta mnunuzi. Aliyeambiwa ikiwa imebaki minne anabaki na kukubali au kukataa. Na atajua kabisa kwamba miezi mitatu iliyopita ulijua, kwa sababu jedwali la sasa halilingani na barua ya mwisho, halafu kila namba utakayompa baada ya hapo ataigawa kwa mbili. Nimekaa upande wa kupokea barua za namna hii na nakuhakikishia hasara yenyewe watu wanaizoea haraka kuliko kugundua walikuwa wa mwisho kujua.

Kwa hiyo kama Marekani itakwenda nusu mwaka au itabaki robo, ambacho mwekezaji angepaswa kukipigania ni vitu viwili ambavyo vyote vinaingia kwenye mkataba hata wa kampuni ndogo. Kwanza, orodha ya vipimo visivyozidi sita ambavyo haviwezi kubadilishwa tafsiri au kuondolewa bila taarifa ya robo nzima kabla, na vikibadilishwa namba za nyuma zihesabiwe upya kwa tafsiri mpya ili mstari usikatike. Pili, kiwango cha keshi, tuseme miezi sita, ambacho kikifikiwa kampuni inaandika ndani ya siku kumi bila kujali kalenda inasema nini. Kwa asiye na nguvu ya kudai mkataba, kazi ni kuweka barua mbili za mwisho pembeni kwa pembeni na kusoma kwanza vichwa vya jedwali kabla ya namba zenyewe. Mstari uliokuwepo na sasa haupo, neno "wateja" lililogeuka kuwa "waliojisajili", mapato ya mwezi yaliyogeuka kuwa mapato tangu kuanzishwa ambayo hayawezi kushuka hata kampuni ikifungwa kesho, andika swali moja kuhusu huo mstari na ulitume siku hiyohiyo, likitaka namba ya robo tatu zilizopita kwa tafsiri ileile ya zamani.